Lita Elfu Kumi za Kudhania

Mtambo wa kuchimba kisima umeshaondoka na sasa ni zamu ya pampu ya majaribio. Imeteremshwa shimoni na itavuta maji kwa saa 24 mfululizo, usiku na mchana. Pembeni ya mdomo wa kisima kijana mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkononi ana utepe wa kupimia wenye kengele ndogo. Kila baada ya muda anauteremsha, na ncha ikigusa maji kengele inalia, naye anasoma kina na kukiandika. Maji yakishuka kisha yakatulia pale pale, kisima kinaumudu mwendo wa pampu. Yakiendelea kushuka, pampu inavuta zaidi ya kile ardhi inachoweza kurudisha.

Asubuhi ya pili mtaalamu wa maji anapiga hesabu na kutaja kiwango ambacho kisima kinaweza kukitoa bila kukaushwa: lita 6,500 kwa saa. Michoro ya mradi, ukubwa wa pampu, idadi ya vituo vya kuchotea maji na bajeti yote vilipangwa kwa lita 10,000.

Sasa linakuja swali ambalo nimelisikia katika miradi mingi, la visima na lisilo la visima: hiyo elfu kumi ilitoka wapi? Kinachofuata hutegemea karatasi zilizoandikwa miezi kadhaa kabla mtambo haujafika kijijini. Ama watu watatupiana lawama wiki nzima, ama mtu atafungua daftari, ataonyesha mstari namba 3, na ndani ya siku chache mradi utajua unaelekea wapi.

Makala haya yanahusu karatasi hizo. Nitatumia mradi mmoja wa mfano, wa maji ya kijiji chenye watu 2,400 katika ukanda wa Mlima Meru. Bei na tarehe zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini mambo yanayotokea ndani yake ni yale yale yanayoikuta miradi ya aina hii.

Kanuni, vipimo na madhanio

Mpango wa usimamizi wa mradi mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ratiba ya kazi iliyoambatanishwa na bajeti. Kwa kweli ni mkusanyiko wa vitu vya aina mbili vinavyofanya kazi tofauti, na pembeni yake kuna daftari la aina ya tatu lisilo sehemu ya mpango. Mpangilio huu umeelezwa kwa urefu katika mwongozo wa taasisi ya PMI, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969. Toleo la kwanza la mwongozo huo lilitoka mwaka 1996, na toleo la sita la mwaka 2017 ndilo linaloorodhesha sehemu za mpango moja baada ya nyingine.

Aina ya kwanza ni mipango tanzu. Ipo ya mawanda ya kazi, mahitaji, ratiba, gharama, ubora, rasilimali, mawasiliano, vihatarishi, ununuzi na ushirikishwaji wa wadau, na pamoja nayo kuna utaratibu wa kushughulikia mabadiliko. Hii ni mipango ya namna ya kufanya kazi. Mpango tanzu wa gharama haukuambii mradi utatumia shilingi ngapi. Unakuambia nani anaidhinisha malipo, hesabu zinafungwa siku gani ya mwezi, na matumizi yakipotoka kwa asilimia ngapi meneja lazima apeleke taarifa kwa kamati. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika jedwali la bei, wanalipa jina la mpango wa gharama, kisha siku bei zinapopanda hakuna kanuni yoyote ya kushika.

Aina ya pili ni misingi ya kupimia. Mitatu ndiyo mikuu: wa mawanda, wa ratiba na wa gharama. Hii ndiyo yenye namba na tarehe. Ni picha ya makubaliano iliyopigwa siku kamati ilipotia saini, na ikishapigwa haiguswi mpaka ombi la mabadiliko lipitishwe. Tunaiita misingi ya kupimia kwa sababu hali halisi ya kila wiki hupimwa dhidi yake. Fundi ujenzi anayetandika kozi za matofali ataelewa: uzi hufungwa kwanza, kila tofali linafuata uzi. Ukiusogeza uzi ulifuate tofali lililopinda, ukuta wote utaonekana umenyooka mpaka siku utakapopaua.

Daftari lililo pembeni ni daftari la madhanio. Dhanio ni jambo tunalolichukua kuwa kweli ili tuweze kupanga, ilhali hatujalithibitisha. Lita 10,000 kwa saa lilikuwa dhanio. Hakuna aliyeyaona maji hayo, ila upimaji wa juu ya ardhi ulionyesha mwamba wenye nyufa, na visima vya vijiji jirani vilikuwa vikitoa kiasi kama hicho.

Kwa nini daftari hili lisiwe sehemu ya mpango? Sababu ni kasi ya kubadilika. Mpango hubadilishwa kwa idhini, na idhini huhitaji kikao. Madhanio hubadilika kila siku: leo umepata barua ya bei, kesho mvua imewahi, keshokutwa diwani amekwambia barabara itachongwa. Kama kila badiliko la namna hiyo lingehitaji kikao, hakuna ambaye angeliandika, na madhanio yangebaki vichwani mwa watu. Kwa hiyo daftari huachwa wazi, mwenye jukumu aandike wakati wowote bila kuomba ruhusa. Hufunguliwa mapema kabisa, tangu mradi unapoidhinishwa kuanza, kabla hata mpango wenyewe haujaandikwa. Kwa mpangilio huu mambo yanayobadilika haraka yana mahali pake, na yale yanayotakiwa kutulia hayasumbuliwi bila sababu.

Namba inavyozaa namba

Turudi kijijini tuone msingi wa kupimia unavyojengwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kilicho ndani ya mita 400, na kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250. Watu 2,400 mara lita 25 ni lita 60,000 kwa siku. Watu 2,400 wakigawanywa kwa 250 wanahitaji vituo 10. Pampu itaendeshwa kwa nishati ya jua, na mhandisi amekadiria kuwa kwa wastani itapata saa 6 za jua la kutosha kwa siku. Lita 60,000 zikigawanywa kwa saa 6 ni lita 10,000 kwa saa. Kumbe ile elfu kumi ilizaliwa hapo: mahitaji ya watu yaligawanywa kwa saa za jua, kisha ikadhaniwa kuwa ardhi itakubali.

Msingi wa mawanda ukaandikwa: kisima kimoja kirefu, pampu na paneli za jua, tangi la lita 50,000, bomba lenye urefu wa mita 3,200, vituo 10, na mafunzo kwa chombo cha watumia maji kitakachouendesha mradi. Kila kipande kina maelezo yake, kinaanzia wapi na kinaishia wapi, ili baadaye asitokee wa kuuliza kama uzio wa kisima ulikuwa ndani ya kazi au nje.

Msingi wa gharama ukafuata vipande hivyo hivyo. Kisima milioni 45, pampu na paneli milioni 48, tangi milioni 42, mabomba milioni 56, vituo milioni 30, usimamizi na mafunzo milioni 19. Jumla ni milioni 240. Juu yake zikaongezwa milioni 18 za akiba ya vihatarishi vinavyojulikana, na msingi wa gharama ukawa milioni 258. Nje ya msingi huo mfadhili alibakiza milioni 12 kwa mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria, na hizo meneja hawezi kuzigusa bila kibali chake. Bajeti nzima ikawa milioni 270. Tofauti ya akiba hizi mbili itatufaa mbele kidogo.

Msingi wa ratiba ukawekwa wiki 26 kuanzia mwanzoni mwa Juni, ili mitaro ichimbwe na kufukiwa kabla mvua za vuli hazijakolea.

Ukiisoma misingi hii mitatu kwa utulivu utaona kuwa karibu kila namba ina kitu chini yake kinachoishikilia. Ndiyo sababu daftari la madhanio la mradi huu halikuandikwa kwa maneno ya jumla. Mistari minne kati ya iliyomo ni hii:

*Namba 3.* Kisima kitatoa si chini ya lita 10,000 kwa saa. Linashikilia: saa 6 za kusukuma, ukubwa wa pampu, vituo 10. Mwenye jukumu: mtaalamu wa maji. Litathibitishwa: kwa jaribio la saa 24, wiki ya 6. Likianguka: angalia kihatarishi namba 2.

*Namba 4.* Floraidi haitazidi miligramu 1.5 kwa lita. Linashikilia: kutokuwepo kwa mtambo wa kusafisha maji katika mawanda. Mwenye jukumu: mtaalamu wa maji. Litathibitishwa: maabara, wiki ya 7.

*Namba 5.* Wananchi watachimba mitaro ya mita 3,200 kwa nguvu zao, wiki ya 9 hadi ya 16, mita 400 kwa wiki. Linashikilia: bei ya mabomba isiyo na malipo ya vibarua, na wiki 8 za ratiba. Mwenye jukumu: ofisa maendeleo ya jamii. Litaangaliwa: kila Ijumaa. Likishuka chini ya mita 300 kwa wiki mbili mfululizo, lihesabiwe limeanguka.

*Namba 6.* Pampu itafika ndani ya wiki 6 baada ya kuagizwa. Linashikilia: wiki ya kufunga pampu. Mwenye jukumu: ofisa ununuzi. Litathibitishwa: kwa barua ya muuzaji kabla ya mkataba.

Tazama mstari namba 4. Maji ya ukanda wa Meru na Kilimanjaro yanajulikana kwa floraidi, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka mingi, kuumiza mifupa. Kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu akisoma mawanda peke yake hataona neno floraidi popote. Analiona kwenye daftari, kama sababu ya kitu ambacho hakikuwekwa kwenye mradi. Madhanio mengi makubwa yako hivyo. Yanashikilia vitu visivyokuwepo, na bila daftari hayaonekani hata kidogo.

Wiki ya 6: dhanio linaanguka mara moja

Lita 6,500 zimeshatajwa. Kazi ya kwanza ni ya dakika 5: mtaalamu wa maji anafungua daftari, mbele ya namba 3 anaandika "limeanguka", tarehe na kipimo. Haombi kibali cha mtu. Kipimo kikishajulikana, hakuna sababu ya kukificha hata siku moja.

Kazi ya pili ni kufuata kamba. Mstari wenyewe unataja kinachoshikiliwa: saa za kusukuma, pampu, vituo. Lita 6,500 mara saa 6 ni lita 39,000. Zikigawanywa kwa lita 25 zinatosha watu 1,560. Watu 840 wamebaki nje ya hesabu, na sasa tatizo lina ukubwa unaojulikana.

Kazi ya tatu ni kusoma mipango tanzu, na hapa ndipo ule wa ununuzi unapookoa fedha. Aliyeuandika aliisoma namba 3 akaweka sharti: pampu na paneli zisiagizwe kabla ya matokeo ya jaribio la saa 24. Laiti sharti hilo lisingekuwepo, pampu ya kisima cha lita 10,000 ingekuwa njiani tayari, na ikifungwa kwenye kisima cha 6,500 itavuta maji mpaka ibaki kwenye hewa na kuungua. Ratiba ilionekana kupoteza wiki kadhaa kwa kusubiri. Kusubiri huko kulikuwa kumepangwa, na sababu yake imeandikwa.

Mpango wa vihatarishi nao una la kusema. Dhanio na kihatarishi ni sura mbili za jambo moja. Dhanio husema maji yatatosha, kihatarishi husema huenda yasitoshe na kisha kinataja uwezekano, gharama na dawa. Kihatarishi namba 2 kilikuwa kimetengewa milioni 9 ndani ya ile akiba ya milioni 18, na njia za kukikabili zilikuwa zimeandikwa: kisima cha pili, kupunguza mawanda, au kuongeza saa za kusukuma.

Meneja akazipigia hesabu zote tatu. Kisima cha pili ni milioni 45 nyingine, haziko, na hakuna uhakika kwamba mwamba wa jirani utatoa zaidi. Kupunguza mawanda maana yake ni kuwaambia watu 840 wasubiri. Kuongeza saa kuna hesabu nzuri: baada ya saa 6 za jua zinabaki lita 21,000, na kwa lita 6,500 kwa saa hizo ni saa 3 na robo. Umeme wa gridi umepita karibu. Kuvuta laini na kufunga kifaa cha kubadilisha chanzo ni milioni 14, lakini pampu sasa itakuwa ndogo, na paneli chache, kwa hiyo zinaokolewa milioni 6. Gharama halisi ni milioni 8. Kisima kitafanya kazi saa 9 na robo kwa siku na kupumzika zinazobaki, kwa mwendo ule ule ambao jaribio la saa 24 lilionyesha kinaumudu.

Kazi ya nne ni ombi la mabadiliko. Kamati ikakaa na ikapitisha njia ya umeme. Hapa angalia kwa makini kilichobadilika na kisichobadilika. Msingi wa mawanda ulibadilika kwa sababu kipande kipya kimeingia, laini ya umeme. Msingi wa ratiba ukasogea kutoka wiki 26 hadi 28. Msingi wa gharama ulibaki milioni 258, kwani zile milioni 8 zilitoka kwenye akiba ya vihatarishi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndani ya msingi. Kilichotokea ni fedha kuhama kutoka akiba kwenda kwenye kazi, na akiba ikabaki milioni 10. Mpango tanzu wa gharama ndio uliosema meneja anaweza kufanya hivyo mradi kamati imeridhia. Milioni 12 za mfadhili hazikuguswa.

Toleo la kwanza la misingi halikutupwa. Lilihifadhiwa pamoja na ombi la mabadiliko, ili atakayeukagua mradi miaka mitatu baadaye aone kwa nini kuna laini ya umeme kwenye mradi uliopangwa wa jua.

Kazi ya tano ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Uamuzi mpya umeleta madhanio mapya. Daftari likapata namba 9: umeme wa gridi utapatikana angalau saa 3 na nusu kila siku. Nalo likapewa mwenye jukumu na tarehe ya kuangaliwa. Siku moja baadaye maabara ikaleta floraidi: miligramu 1.1. Namba 4 ikafungwa kwa neno "limethibitishwa", na shaka moja ikaondoka mezani.

Wiki ya 12: dhanio linaanguka polepole

Kisima kilianguka mbele ya macho ya watu. Hatari zaidi ni dhanio linalomomonyoka kidogo kidogo, kila wiki likipewa udhuru.

Mitaro ilianza vizuri wiki ya 9. Kisha mahindi yakakauka shambani. Hakuna mzazi atakayeacha mavuno yake ayafuate majembe ya mradi, na hana kosa. Mwisho wa wiki ya 12 zilitakiwa ziwe zimechimbwa mita 1,600, zilizochimbwa ni 900. Mafundi bomba, ambao wanalipwa kwa siku, walikuwa wakikaa kivulini wakisubiri mtaro.

Hapa misingi mitatu ikisomwa pamoja ndipo inaposema kweli. Kwa mujibu wa msingi wa gharama, hadi wiki hiyo mradi ulitakiwa uwe umetumia milioni 100. Uliotumia ni milioni 91. Mtu anayetazama fedha peke yake atafurahi kwamba zimeokolewa milioni 9. Lakini ukiuliza kazi iliyokwisha kufanyika ilikadiriwa kuwa na thamani gani katika mpango, jibu ni milioni 84. Kwa hiyo kazi ya milioni 16 iliyotakiwa kufanyika haijafanyika, na ile iliyofanyika imegharimu milioni 7 zaidi ya makadirio, sehemu yake ikiwa posho za mafundi waliokaa bure. Mradi unaoonekana kubana matumizi kumbe umechelewa na umezidisha gharama kwa wakati mmoja. Hesabu hii haiwezekani kama mawanda, ratiba na gharama havikugawanywa kwa vipande vile vile. Kama orodha ya fedha ina "vifaa" na "vibarua" ilhali orodha ya kazi ina "tangi" na "mabomba", hakuna wa kujua thamani ya kilichokamilika.

Lile sharti la mita 300 kwa wiki mbili ndilo lililomaliza udhuru. Ofisa maendeleo aliyekuwa akitumaini wiki ijayo itakuwa bora alisoma alichokiandika mwenyewe mwezi Juni, akapiga mstari: limeanguka. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao, kama mpango wa ushirikishwaji wa wadau ulivyotaka, na wakakubaliana. Mita 700 zilizobaki nyuma zitachimbwa na vibarua kwa shilingi 4,000 kwa mita, jumla milioni 2.8 kutoka kwenye akiba, na wananchi wataendelea na zilizosalia mavuno yakiisha. Akiba ikabaki milioni 7.2. Msingi wa ratiba haukubadilishwa, kwa kuwa hatua hiyo ilichukuliwa ili kuifikia tarehe ile ile.

Dalili za karatasi zilizoachana

Ukipewa faili la mradi na ukataka kujua kama sehemu zake zinashikana, anza na daftari la madhanio. Kama mistari yote ina tarehe moja na hakuna uliofungwa wala kuanguka, daftari liliandikwa kwa ajili ya mkaguzi. Kisha tazama lugha yake. "Wananchi watatoa ushirikiano" hakuwezi kuanguka, kwa hiyo hakukusaidii. Dhanio lenye manufaa lina kiasi, tarehe na mtu, na limeandikwa kwa namna ambayo siku moja utaweza kusema kweli au si kweli.

Pili, tazama taarifa za mwezi. Mradi ambao tofauti kati ya mpango na hali halisi ni sifuri miezi yote, unafaa kushukiwa. Mara nyingi kuna mtu anayerekebisha msingi kimyakimya ili ufanane na kilichotokea. Ulinganishe na toleo lililotiwa saini, na kama hakuna ombi la mabadiliko kati yake na la sasa, uzi umesogezwa.

Tatu, weka mipango tanzu miwili miwili ubavuni mwa mwenzake. Ununuzi unasema mkandarasi atalipwa asilimia 30 ya awali, je, gharama imepanga fedha hizo zipatikane mwezi wa kwanza? Vihatarishi vinataka taarifa kila wiki mbili, je, mawasiliano yanasema kila mwezi? Migongano hii hutokea kwa sababu kila mpango umeandikwa na mtu wake ofisini kwake, na kwa kawaida jioni moja ya kusomeana kwa sauti mezani hutosha kuiona.

Daftari linapobadilisha mikono

Wiki ya 28 maji yalitoka kwenye vituo vyote 10. Kwa kawaida hapo faili hufungwa. Misingi ya kupimia imemaliza kazi yake, mipango tanzu pia, kwani mradi umekwisha. Lakini yapo madhanio yanayoishi kuliko mradi. Namba 9 ni mojawapo, kwa sababu umeme utahitajika kila siku miaka yote. Nyingine ni namba 11, kwamba ndoo 3,000 za lita 20 zitauzwa kila siku, maana hizo ndizo zitakazolipa bili ya umeme na mshahara wa mlinzi. Mvua ikinyesha watu hukinga maji ya bati, na mauzo hushuka.

Kwa hiyo siku ya makabidhiano, pamoja na funguo za nyumba ya pampu, katibu wa chombo cha watumia maji alipewa kurasa mbili zilizonakiliwa kwa mkono. Zilikuwa na mistari mitano tu, ile ambayo haikufungwa. Mbele ya namba 11 palikuwa na nafasi tupu ya kuandika idadi ya ndoo kila mwisho wa mwezi, na maelekezo ya sentensi moja: zikishuka chini ya 2,000 kwa miezi miwili mfululizo, itisheni mkutano wa bei kabla bili haijawashinda.